Hela niliyotuma Ijumaa jioni ikalala hadi Jumatatu

Sisi wa dagaa kalenda yetu ni mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazivuti kitu na mitumbwi inalala ufukweni. Giza likirudi, kila mtu anakimbilia ziwani. Mwaka 2019 nilikuwa na mitumbwi miwili Ukerewe, giza linaanza wiki inayofuata, na nyavu zimechakaa. Nikakubaliana na mama mmoja muuza nyavu Kariakoo: mzigo wa shilingi 18,400,000, hela ikiingia tu anaupakia kwenye lori la Jumamosi mchana.

Ijumaa ile nilishinda soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikidai wateja wangu. Hela ilipotimia ilikuwa saa 11:52 jioni. Nikafungua mtandao wa benki kwenye simu, nikachagua kutuma benki nyingine kwa TISS, nikathibitisha. Salio likapungua palepale. Nikampigia mama: "Tayari, mama, angalia."

Saa mbili usiku hakuna kitu. Jumamosi asubuhi hakuna kitu. "Baba, mimi sijaona hela," akasema, na sauti ilikuwa imeshabadilika. Nikampelekea picha ya risiti. Akanijibu kwamba risiti za kwenye simu ameshaletewa nyingi, na hakuna hata moja iliyomlipia kodi ya duka. Sikumlaumu.

Nilikaribia kutuma tena kwa njia ileile, kutoka kwenye kidogo nilichobakiza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nashukuru nilienda kwanza tawini, maana siku hiyo walifungua nusu siku.

Dada wa dirishani alisoma kwenye risiti yangu mstari ambao mimi niliuruka. Palipoandikwa `Value Date`, yaani tarehe ya malipo, pana tarehe ya Jumatatu, si ya Ijumaa. "Kaka, hela yako haijapotea, ila haijaondoka hapa kwetu," akaniambia.

Nikamuuliza, kama haijaondoka mbona kwangu imekatwa? Akanieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Benki mbili hazipeani hela moja kwa moja. Kila moja ina akaunti yake Benki Kuu, na TISS ni mfumo wa Benki Kuu unaotoa kiasi kwenye akaunti ya benki yangu na kukiingiza kwenye akaunti ya benki ya mama, muamala mmoja mmoja. Kazi hiyo ilikuwa ikifanyika siku za kazi tu, saa za kazi. Programu ya simu haina saa, inapokea maagizo hata usiku wa manane: inakukata, inaiweka hela kwenye akaunti ya muda ya benki, na agizo linasubiri kwenye foleni. Kwa hiyo kufunguliwa kwa tawi Jumamosi hakusaidii, maana mlango unaotakiwa kufunguka ni wa Benki Kuu.

Tena benki yangu ilikuwa na saa yake ya mwisho ya kupokea maagizo ya siku hiyo: saa 9 alasiri. Inakuwa mapema kwa sababu kiasi kikubwa hupitiwa na ofisa wa pili kabla ya kutumwa, na benki nayo inataka muda wa kusawazisha hesabu zake kabla mfumo haujafungwa. Mimi nilichelewa karibu saa tatu nzima. Jumatatu ingekuwa sikukuu, ningesubiri hadi Jumanne. Na ningebonyeza mara ya pili, Jumatatu zingetoka zote mbili.

Nyavu nazo? Yule dada ndiye aliyeuliza swali lililoniokoa: "Huyo mama hana akaunti hapa kwetu?" Nikapiga simu. Anayo, ya zamani, haitumii sana. Kutuma ndani ya benki ileile hakupiti Benki Kuu. Ni kitabu kimoja, wanapunguza hapa wanaongeza pale, hata iwe Jumapili. Nilikuwa nimebakiza milioni nne na ushee za mafuta ya injini. Nikamtumia milioni 4, akaziona kabla sijakata simu. Dada akaongea naye mwenyewe, akamsomea ile tarehe ya Jumatatu. Mzigo ukapakiwa saa nane mchana.

Siku hizi kuna TIPS, mfumo mwingine wa Benki Kuu, na huo haulali wikiendi. Kwa kiasi kidogo ndio natumia. Lakini muamala mmoja wa TIPS una kikomo chake, kwa hiyo malipo makubwa ya mzigo bado nayapitisha TISS, na nayatuma Ijumaa kabla ya adhuhuri au nayaacha. Kila mara naangalia tarehe ya malipo kwenye skrini kabla ya kumwambia mtu "tayari".

Jumatatu ile, saa 3:47 asubuhi, mama akanipigia. "Baba, imeingia yote. Sasa nina milioni 4 zako za ziada, nizirudishe wapi?" Nikamwambia kulekule zilikotoka. Zikafika akiwa bado hewani, nami nikaenda kununua mafuta.