Naenda tu

Leo ni siku ya nne tangu Bi aniambie neno lile, na bado halijanitoka. Mnamfahamu: ndiye yule mwalimu mstaafu, mzaliwa wa pwani ya mashariki ya Unguja, aliyevaa hedifoni tangu mwezi wa Machi akiyageuza kuwa maandishi mahojiano yangu 18 na wanawake wanaolima mwani, saa moja ya sauti ikimla saa tano au sita za kuandika. Nilimpelekea rasimu ya sura ya matokeo kwa heshima tu, nami moyoni nikitaraji pongezi. Aliisoma palepale barazani, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, haya ni maswali yako. Majibu yao umeyaweka wapi?"

Nikamjibu, "Yamo humo humo, Bi."

Hakubisha. Alizipanga karatasi, akanirudishia, akaniuliza kama nimekula.

Harusi ya mdogo wangu ilipita salama siku ya Jumamosi, na ofisini tumehamishiwa ghorofa ya pili, lakini katika yote hayo nilikuwa nikiisikia sauti yake tu: umeyaweka wapi? Ningemjibu vipi? Mwongozo wangu wa mahojiano ulikuwa na sehemu nne, yaani kipato, mabadiliko ya bahari, afya na soko. Sura yangu ya matokeo nayo ilikuwa na dhamira nne: kipato, mabadiliko ya bahari, afya na soko. Nilikuwa nimechukua kila jibu na kulirudisha chini ya swali lililolizaa, kisha nikaliita zoezi hilo uchambuzi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikwishaonywa. Virginia Braun na Victoria Clarke, katika makala yao ya mwaka 2006 ambayo wengi wetu huyafuata tunapochambua mahojiano, wanalitaja kosa hilihili, la kuyafanya maswali ya mwongozo kuwa ndiyo dhamira. Nimeyasoma makala hayo mara nyingi, tena mstari huo niliupigia wino.

Jumapili usiku nilianza upya. Nilijiwekea kipimo kimoja: dhamira lazima iweze kuandikwa kwa sentensi kamili ambayo mtu mwingine, akizisoma nakala zilezile, anaweza kuipinga. "Soko" halipingiki, kwa sababu halijasema kitu. Ni jina la kapu. Hakuna hata moja kati ya dhamira zangu nne iliyopita katika kipimo hicho.

Basi niliziweka kando, nikachukua nakala tatu na kuzisoma mstari kwa mstari, nikiandika pembeni misimbo mifupi inayokaribiana na maneno ya msemaji mwenyewe. Pale nilipokuwa nimeandika "changamoto za kiafya", sasa niliandika "anakwenda baharini na mgongo unauma". Palipokuwa na "bei duni", niliandika "anauza leo kwa bei ndogo kuliko kungoja". Tofauti inaonekana ndogo, lakini msimbo wenye kitenzi humweka mtu ndani yake, na ukimwona mtu unaanza kujiuliza kwa nini anafanya hivyo. Kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, haustahimili maji yenye joto. Wengi wamebaki na spinosamu, ambao bei yake ni ya chini. Nilikuwa nimeyaandika hayo yote katika rasimu, lakini sikuwa nimeuliza swali linalofuata: kama faida imepungua kiasi hicho, kwa nini kila bamvua likifika wanashuka tena?

Jibu lilikuwa limetawanyika katika makapu yote manne, na kwa hiyo halikuonekana katika kapu lolote. Katika kipato, mmoja alisema kwamba pesa ya mwani hainunui mengi ila hakuna anayeiuliza. Katika afya, mwingine alisema daktari alimkataza maji, lakini akikaa nyumbani itabidi aombe hata shilingi ya sabuni. Katika soko, wa tatu alieleza kwamba akingoja bei ipande, mzigo ukiwa uani, watu wa nyumbani wataanza kuupangia matumizi. Nilipozipitia nakala zote 18 nikakuta wazo hilo kwa wanawake 11. Idadi peke yake haiifanyi dhamira kuwa dhamira, lakini hapa ilinihakikishia kwamba sikushikwa na maneno ya mtu mmoja. Nikaandika sentensi yangu: wanawake hawa wanaendelea kulima mwani kwa sababu ni pesa ambayo mume haiulizi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nililala usingizi wa kweli.

Asubuhi nilimtafuta wa kuivunja, kwani dhamira isiyotafutiwa mpinzani haijakaguliwa. Nikampata: mshiriki wa 14 ni mjane. Hana mume wa kumuuliza kitu, na bado alisema, "Siwezi kukaa." Ningeweza kumwacha nje na kusema kwamba hali yake ni ya pekee. Nilirudi kwenye maneno yake, nikaona kwamba anayemuuliza ni mwanawe wa kwanza, anayemtumia pesa kutoka mjini na kutaka kujua imetumikaje. Kumbe tatizo langu lilikuwa neno "mume". Sentensi ikawa: mwani ni pesa ambayo mwanamke hana wa kumtolea hesabu. Mjane akaingia, na wale wengine hawakutoka. Wawili wanasema pesa yao huchukuliwa ikifika tu, nami nimewaandika kama walivyo, kwa sababu wanaonyesha mpaka wa dhamira yenyewe unapoishia.

Zikabaki dondoo. Nilichora jedwali dogo, mshiriki na mara alizonukuliwa, nikaona kwamba kati ya dondoo 12 za rasimu ya kwanza, tano zilikuwa za mshiriki wa 7. Anasema kwa ufasaha mno, kila sentensi yake imekamilika, na mimi nilikuwa nikichagua uzuri wa kauli nikidhani nachagua uwakilishi. Mshiriki wa 3 hakuwa na dondoo hata moja. Nilipomuuliza kwa nini anaendelea, alijibu maneno mawili, "Naenda tu," nami nikayapa msimbo wa "hakuna maelezo".

Nilifungua sauti yenyewe. Nikamsikia ananyamaza muda mrefu, mlango unafungwa, sauti ya mwanamume inapita na kuisha, kisha anacheka kidogo na kusema polepole, "Naenda tu." Nikafungua nakala ya kwanza aliyoiandika Bi, kabla sijaisafisha. Alikuwa ameyaandika yote katika mabano: ananyamaza, mtu anapita, anacheka. Mimi ndiye niliyeyafuta ili ukurasa upendeze. Bi alimsikia mama yule. Alipoisoma rasimu yangu alikuwa akimtafuta, na hakumwona.

Nimeyarudisha mabano yote, na "Naenda tu" ndiyo dondoo inayofungua sura, pamoja na ukimya wake. Kesho baada ya alasiri nitampelekea Bi, na safari hii nitakaa kimya asome.

Mama amepiga simu jioni hii. Anasema kikohozi kimepungua, lakini mara mbili alikatisha sentensi ili avute pumzi, na nilipomuuliza kama amekwenda kituo cha afya, alinijibu kwa kuniuliza habari za harusi.