Kiti cha plastiki

Kila usiku saa nane neti yetu ilikuwa inainuliwa, vijiguu vya baridi vinaingia mbavuni mwangu. Mwanangu ana miaka minne. Tulimbembeleza alale kitandani kwake, tukamwahidi pipi, tukamkaripia. Wapi!

Kumbe kosa lilianzia saa mbili usiku. Alikuwa analala nikiwa nimejinyoosha pembeni yake, kisha nanyata kutoka. Mtoto hushtuka kidogo mara kadhaa usiku, kama sisi wakubwa. Akikuta mama aliyelala naye hayupo, lazima amtafute.

Nikaweka kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Nakaa, simgusi, simsimulii hadithi, mpaka asinzie mwenyewe. Kila baada ya siku tatu nakisogeza kuelekea mlangoni. Akitufuata usiku, namshika mkono, namrudisha: "Bado usiku, lala." Basi.

Usiku wa nne alikuja mara saba! Mume wangu akasema, "Mama, mwache tu leo." Wiki iliyotangulia nilimwacha hivyohivyo, saa kumi alfajiri, nikawa nimemfundisha kwamba aking'ang'ania, mama atachoka. Safari hii nikamrudisha mara zote saba. Kazini kesho yake nilisinzia mbele ya bosi, lakini hayo tuyaache.

Usiku wa kumi kiti kilikuwa koridoni, akaja mara moja tu. Akipata homa namlaza kwetu, kisha kiti kinarudi kazini.

Jana hakuja kabisa. Mimi ndiye niliyeamka saa nane kwenda kumchungulia.