Siku nilipohesabu faida ya madaftari

Mimi na jirani yangu tuliuza madaftari yaleyale, kutoka kwa muuzaji wa jumla mmoja, vibanda vikiwa ubavu kwa ubavu. Kila daftari tulilinunua kwa 70 tukaliuza kwa 100. Kila mmoja aliuza kama 40 kwa siku, yaani faida ya 1,200, na 300 kati ya hizo zilikwenda kwenye kodi ya kibanda.

Vita ya bei niliianzisha mimi. Asubuhi moja niliandika 95 kwenye ubao wangu wa bei. Kwa siku mbili niliuza 60, faida 1,500, nikaamini nimepata dawa. Siku ya tatu jirani akaandika 95 pia, wateja wakagawanyika kama zamani, nami nikabaki na 1,000. Badala ya kusimama hapo nilishuka hadi 90. Akanifuata. Wateja nao wakajua mchezo: "Mwenzako kanipa kwa 85." Hatukuulizana kama ni kweli. Tulikuwa tumeacha kusalimiana.

Wiki ya tatu tulikuwa kwenye 80, na kilichonipumbaza ni kwamba droo ilikuwa bado na pesa. Nilikuwa nauza 44 kwa siku, mapato 3,520, si mbali sana na 4,000 za mwanzo. Niligundua nilipokwenda kununua mzigo mpya. Nilipotenga 70 ya kila daftari nililouza, faida ya siku ilikuwa 440. Nikitoa kodi, 140. Kwa kazi ya kutwa nzima! Niliumia sana, na zaidi nilipojua kuwa kwenye kibanda cha pili jirani naye yumo katika hesabu hiyohiyo.

Usiku ule nilijiuliza niuze mangapi ili nirudi kwenye 1,200. Kwa faida ya 10, ni madaftari 120. Lakini sote wawili kwa pamoja tulikuwa tunauza 88 tu. Hata kama jirani angefunga kabisa, nisingefika. Mwanafunzi hajazi daftari haraka zaidi kwa sababu limeshuka bei. Waliochukua matano kwa mkupuo hawakuonekana wiki iliyofuata. Bei yetu ilihamisha wateja kutoka kibanda hiki kwenda kile, ikaongeza wachache mno.

Kesho yake niliandika 90. Kwa siku tatu karibu wote walipita kwangu wakaenda kwake, nami niliuza kalamu na kungoja. Ningekuwa na mtaji mdogo zaidi nisingevumilia. Siku ya nne nilimwona akifuta ubao wake kwa kiganja. Akaandika 90, akanigeukia: "Habari za asubuhi, jirani." Nilimjibu kwa furaha ambayo sijaisahau.

Lakini 100 haikurudi. Kila tulipojaribu kupandisha, wateja walitukumbusha 80.