Picha ya asubuhi ya ukungu

Wiki yangu ya kwanza kama karani wa mitambo, kwenye barabara iliyokuwa ikijengwa milimani upande wa Makete, nilirudishiwa ripoti ikiwa na mistari mitatu ya wino mwekundu. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha ya eneo kila asubuhi, kuandika mtambo gani unafanya nini, halafu saa zake ziingizwe kwenye malipo ya ukodishaji. Kwetu kijijini kila chuma cha njano kinachochimba kiliitwa katapila, na mimi nilikwenda kazini na jina hilo hilo moja kichwani.

Picha yenyewe ilikuwa na mitambo minne, ukungu umefunika nusu. Niliandika: greda mbili, buldoza moja, na wa nne nikauita "mashine ya kuchoronga miamba". Sikuandika rola wala eskaveta, ingawa zote mbili zilikuwemo.

Msimamizi wa mitambo, mzee aliyeendesha greda miaka mingi kabla ya kupandishwa cheo, aliniita kwenye kibanda cha ofisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Hebu niambie, huyu umemwitaje buldoza?"

Nikamjibu kwamba nimeona minyororo badala ya magurudumu. Akatikisa kichwa taratibu. Minyororo, alisema, inakuambia mtambo unatembeaje, haikuambii unafanya kazi gani. Eskaveta ina minyororo na buldoza ina minyororo. Tafuta kile kinachogusa udongo, kisha uangalie kimefungwa wapi.

Akaweka kidole kwenye mtambo huo. Kabini lilikuwa limegeukia kushoto, minyororo ikielekea mbele. Buldoza haiwezi hilo, kabini lake halizunguki juu ya minyororo. Ni eskaveta ndiyo inayosimama mahali pamoja ikageuza mwili wa juu wote, ikachota hapa na kumwaga kule kwenye lori. Na mkono wake ulikuwepo, umekunjwa kama kiwiko, ila ncha yake ilizama ukunguni na mimi sikuufuatilia.

Ule wa nne niliouita wa kuchoronga nao ulikuwa eskaveta. Mwishoni mwa mkono palikuwa na nyundo ya kuvunjia mwamba badala ya baketi. Hapo mzee alikaa kwa muda mrefu, maana aliona kosa hilo linaeleweka. Baketi hung'olewa, nyundo ikafungwa, kesho baketi ikarudi. Mkono ndio unaobaki, kwa hiyo usimtambue eskaveta kwa baketi peke yake.

Kwa "greda mbili" zangu, moja tu ilikuwa greda. Kilichonichanganya ni bledi, lile bamba pana la chuma la kusukumia au kukwangulia udongo. Ya kwanza ilikuwa nayo tumboni, kati ya magurudumu mawili ya mbele na manne ya nyuma, imekaa mshazari chini ya chuma kirefu chembamba. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamelala upande mmoja, nami nilidhani yameharibika. Mzee akanieleza kwamba opereta huyalaza makusudi. Bledi ikiwa mshazari, udongo unausukuma mtambo pembeni, na magurudumu yaliyolazwa huusaidia kushika mstari. Nyuma yake palibaki tuta jembamba la udongo kandokando ya njia.

Ile ya pili haikuwa na bledi hata kidogo. Nilichokiona mbele, kikubwa na cheusi kwenye ukungu, kilikuwa pipa la chuma lenye upana karibu sawa na mtambo mzima, na nyuma matairi mawili. Rola. Pipa lake lilikuwa na vinundu vya kushindilia udongo wa mfinyanzi, na vinundu hivyo vilikuwa vimeacha safu za vishimo barabarani, vinaonekana wazi kwenye picha. Bledi husukuma au hukwangua. Pipa hukandamiza tu kwa uzito na mtikisiko.

"Na buldoza iko wapi, mzee?"

"Leo haipo. Ingekuwepo, bledi ungeiona mbele kabisa, pana kama ukuta, imeshikwa na mikono miwili mifupi kando ya minyororo. Nyuma huenda ikawa na meno ya kuchimbua. Lakini angalia, kuna rola nyingine zinafungwa bledi mbele, na eskaveta ndogo pia. Ukiona bledi usiandike kwanza, angalia na vilivyobaki."

Nilirudi mezani nikaandika upya: eskaveta ya baketi, eskaveta ya nyundo, greda, rola. Saa sita za buldoza nilizokuwa nimeziandika nikazifuta, kwa sababu zingelipwa kwa mtambo ambao siku hiyo ulikuwa umeegeshwa kambini, bledi yake imekaa chini ardhini.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito zaidi. Kwenye picha kulikuwa na kivuli kirefu tu, na pembeni mwake tuta jembamba la udongo. Niliandika greda, nikatembea hadi pale nikahesabu magurudumu. Sita.