Boti inasahau alichosema mteja? Angalia kwanza urefu wa maelekezo

Nilikabidhiwa boti ya kupokea oda za kushona nguo, inaendeshwa na Ollama, programu ya kuendesha modeli za lugha kwenye mashine yako mwenyewe, kwenye kompyuta ya kawaida tu, na lalamiko lilikuwa moja: mteja anataja vipimo vyake mwanzoni, mkifika katikati anaulizwa tena vipimo kana kwamba ndio kwanza ameingia.

Nikapewa ushauri, na bado unaniudhi mpaka leo, eti ongeza kwenye maelekezo ya mwanzo "usisahau kamwe vipimo vya mteja", iandike kwa herufi kubwa, irudie na mwishoni, weka na mifano. Nikafanya hivyohivyo. Boti ikaanza kusahau mapema zaidi! Hapo ndio nikaacha kubembeleza nikaanza kupima.

```
ollama run boti --verbose
```

Nikaandika "habari" tu, neno moja, nikasoma chini kwenye `prompt eval count`, yaani tokeni ilizosoma, vile vipande vya maneno ambavyo modeli inavihesabu: kama 3300. Sasa `num_ctx` yake, yaani tokeni inazoweza kushika kwa wakati mmoja, ilikuwa 4096, na humo ndani kunakaa kila kitu, maelekezo, meseji za mteja, majibu ya boti, hata jibu linaloandikwa sasa hivi. Maelekezo hayasomwi mara moja yakaisha, yanarudishwa kila zamu. Zinabaki kama 800, na swali na jibu lake kwetu ni kama tokeni 200 (Kiswahili kinakatwa vipande vingi, neno moja linaweza kula tokeni mbili tatu), kwa hiyo ni zamu nne hivi basi. Nafasi ikijaa maelekezo hayaguswi, zinatupwa meseji za zamani kwanza, na meseji ya zamani kuliko zote ndio ile ya vipimo. Kwa hiyo amri ya kutosahau ilikuwa inabaki salama kabisa, huku kitu chenyewe cha kukumbukwa kikitupwa nje.

Kuongeza `num_ctx` inawezekana ila inakula RAM, na mashine ile ilishaanza kuelemewa.

Nikapunguza. Orodha nzima ya vitambaa na bei nikaitoa, programu inachomeka mstari wa kitambaa kilichoulizwa tu, ndani ya meseji hiyohiyo. Mifano ya maongezi nikabakisha mmoja. Sheria zilizorudiwa nikafuta, salamu na sifa za duka nikafuta. Ikashuka hadi kama 400, zikabaki 3700 hivi, yaani zamu 18. Na vipimo siviachii maongezi tena, mteja akivitaja programu inavihifadhi na kuviweka kama mstari mmoja mfupi mwishoni mwa maelekezo: kifua 96, kiuno 80, urefu 104. Tokeni chache sana hizo, na kwa kuwa ziko kwenye ile sehemu isiyotupwa, mteja akipiga stori mpaka jioni boti bado inazo.