Siku moja na nondo za slabu: mita 3.6 kwa 8, Busia

Saa moja kasoro asubuhi. Mchoro umetandazwa juu ya mifuko ya saruji, na kabla injinia hajafika lazima kuwe na karatasi ya hesabu. Slabu ni ya stoo nyuma ya duka, upande wa Uganda wa mpaka. Upana wa wazi kati ya bimu ni mita 3.60, urefu wa wazi mita 8.00, bimu zote nne zina upana wa milimita 230, na unene wa slabu ni 150. Urefu unazidi upana zaidi ya mara mbili, kwa hiyo mzigo unasafiri kwa njia fupi. Nondo kuu zinalala kukata mita 3.60, na za kugawa zinalala kwa mita 8.

Mchoro unasema hivi: nondo kuu Y12, yaani za kipenyo cha milimita 12, kila milimita 150, na kila ya pili inapindwa kupanda juu kwenye robo ya upana, ncha zote mbili. Za kugawa ni Y8 kila 200. Kwenye sehemu zilizopanda, karibu na bimu, kuna Y8 za ziada kila 200, zikifungwa chini yake. Mafundi wengi husoma mistari miwili ya kwanza na kuusahau wa tatu.

Saa moja na nusu. Hesabu ya nondo kuu. Hapa swali si kugawanya, swali ni futi ya kupimia inaanzia wapi. Nondo kuu zimepangwa moja baada ya nyingine kufuata ule urefu wa mita 8. Ukichukua urefu wa nje wa slabu nzima, 8.46, utahesabu nondo zinazolala ndani ya bimu fupi, na huko bimu ina vyuma vyake. Sisi tunaanza milimita 50 kutoka uso wa bimu, na kumalizia 50 kabla ya uso wa bimu ya pili. Kwa hiyo:

```
8.00 - 0.05 - 0.05 = 7.90
7.90 / 0.15 = 52.67  ->  nafasi 53
53 + 1 = nondo 54
```

Desimali ikitokea, nafasi zinapanda kwenda namba nzima ya juu, kamwe hazishuki. Ukishusha hadi 52, kila nafasi inakuwa karibu 152 na umezidi kipimo cha mchoro. Ukipandisha hadi 53, inakuwa 149, na hakuna injinia atakayekugombeza. Ile moja ya mwisho inaongezwa kwa sababu nafasi si nondo: uzio wenye nafasi tatu una nguzo nne.

Kati ya 54, zilizopindwa ni 27 na zilizonyooka ni 27.

Saa mbili. Nondo za kugawa za chini. Zinalala juu ya nondo kuu, si chini yake, na zimepangwa kufuata mita 3.60. Utaratibu ni uleule: 3.60 toa 0.10 ni 3.50, gawanya kwa 0.20 unapata 17.5, nafasi 18, nondo 19.

Kuna ubishi unaorudi kila saiti. Kijana anasema, "Foromani, karibu na bimu nondo kuu zimepanda juu, sasa za kugawa za chini pale zinafunga nini?" Zinafunga zile zilizonyooka, ambazo bado zipo chini kila milimita 300 hadi ndani ya bimu. Ukizitoa, unabaki na nondo zisizo na kitu cha kuzishika wakati watu wanakanyaga wakimwaga konkriti. Zote 19 zinabaki.

Saa mbili na nusu. Za ziada za juu, na hapa ndipo karatasi nyingi hukosea. Robo ya 3.60 ni 0.90. Hesabu ya haraka ni 0.90 gawanya 0.20, jibu 4.5, pandisha 5, ongeza moja, nondo 6 kila upande. Lakini ile 0.90 ni mahali mpindo unapoanzia chini. Nondo inapanda kwa mshazari wa digrii 45, na inapofika juu imeshasogea karibu na bimu.

Inasogea kiasi gani? Unene 150, toa kava, yaani konkriti inayofunika nondo, 25 juu na 25 chini, toa kipenyo cha nondo 12, unabaki na 88. Huo ndio urefu wa kupanda kutoka kati ya nondo hadi kati yake, na kwa digrii 45 inasogea mlalo vilevile 88. Kwa hiyo sehemu iliyolala juu inaishia karibu 0.81 kutoka uso wa bimu. Ya kwanza tunaiweka 0.05 kutoka bimu, inabaki 0.76. Gawanya kwa 0.20 unapata 3.8, nafasi 4, nondo 5, kila nafasi 190. Ya tano inakaa hapohapo kwenye kona ya mpindo na kuishikilia. Ukiweka ya sita, itaning'inia kwenye mshazari bila kazi, na itafungwa kwa waya wa huruma tu.

Bimu ndefu ni mbili, kwa hiyo 10. Jumla ya mistari ya Y8 ni 19 na 10, yaani 29.

Saa tatu. Urefu wa kukata. Slabu na bimu zake ni 4.06 kwa upana. Kwenye ncha tumekubaliana na injinia kava iwe 30 badala ya 25, na sababu ni hesabu. Kwa 25, nondo iliyonyooka ni 4.01, na tatu zake ni 12.03: hazitoki kwenye nondo ya mita 12. Kwa 30 ni 4.00, na tatu zinatoka sawasawa. Milimita tano kila ncha zinaokoa theluthi ya kila nondo. Ila kata kwa mkasi wa nondo. Diski inakula milimita kadhaa kila mkato. Na pima nondo yenyewe kwanza, usiamini "kumi na mbili" ya mdomo.

Iliyopindwa inahitaji nyongeza. Mshazari ni mrefu kuliko mlalo wake, na kwa digrii 45 tofauti ni 0.42 ya urefu wa kupanda: 0.42 mara 88 ni 37. Mipindo miwili, 74. Urefu wa kukata ni 4.07.

Hapa ndipo oda inaharibika. Ukijumlisha mita tu, nondo 54 za kama mita 4 ni mita 216, gawanya kwa 12, nondo 18. Kweli yake ni hii: zilizonyooka 27 zinatoka tatu kwa nondo moja, hivyo 9. Zilizopindwa zinatoka mbili tu, hivyo 14. Jumla 23. Aliyeagiza 18 atapungukiwa tano, na saa nane mchana ataanza kuunga vipande katikati ya slabu.

Kila nondo ya kutoa mbili inaacha kipande cha 3.86. Kinavutia macho, kwa sababu upana wa wazi ni 3.60 tu. Lakini kingeingia ndani ya bimu milimita 130 kila upande, wakati iliyonyooka ya mchoro inaingia 200. Tunavikata kuwa viti vya kushikilia nondo za juu.

Y8 zina urefu wa 8.40 kila mstari. Nondo moja inatoa mstari mmoja na kipande cha 3.60. Vipande vitatu vikiungwa kwa kulaliana mara 40 ya kipenyo, yaani 320 kila kiungo, vinatoa 10.16, vinatosha mstari na kubaki. Kwa hiyo nondo 22 zinatoa mistari 22 mizima na 7 ya kuunga: 29 kamili. Viungo visikae kwenye mstari mmoja. Geuza ncha kila mstari wa kuunga.

Saa nne na nusu. Hadweani, barabara ya kwenda Tororo. Nondo 23 za Y12 na 22 za Y8. Uzito wa mita moja ni kipenyo mara kipenyo gawanya 162: Y12 ni kilo 0.89, Y8 ni 0.395. Kwa hiyo tunategemea kama kilo 245 na kilo 104. Mizani ikionyesha pungufu kubwa, chuma ni chembamba kuliko jina lake. Tunaomba lori, si pikapu. Pikapu hukunja nondo katikati, na katikati ya mita 12 ni mita 6, ndani kabisa ya kipande cha pili.

Saa saba. Posho na maharagwe, kisha benchi ya kupindia. Ya kwanza iliyopindwa inalazwa kwenye fomu ya mbao kabla ya kupinda 26 zilizobaki.

Saa nane. Kupanga. Alama za chaki zinawekwa kwenye mbao kutoka ncha moja kwa futi ndefu: 50, 199, 348, 497, ukiongeza 149 kila mara. Hatupimi kutoka nondo hadi nondo, kosa dogo linajirundika. Kibaya zaidi ni kijiti. Fundi anakata kijiti cha milimita 150 na kukisukuma kati ya nondo mbili. Kijiti kinapima uwazi, mchoro unapima kati hadi kati. Uwazi wa 150 na unene wa 12 ni 162, na ndani ya 7.90 zitaingia kama 49 badala ya 54. Kwa macho slabu inapendeza kabisa. Akitaka kijiti, kiwe cha 137.

Saa kumi na moja. Ukaguzi. Hatuhesabu nondo zote mara ya kwanza. Tunalaza futi juu ya nafasi kumi, mahali patatu. Isome 1.49. Ikisoma 1.62, kuna kijiti mahali. Kisha tunahesabu zote, tunapita juu kuhesabu zile tano kila upande, na kusukuma nondo ya juu kwa mguu. Ikishuka, viti ni vichache. Kiti kinachosimama juu ya nondo kuu ya chini na kushika Y8 ya juu kwa chini yake kina urefu wa milimita 68. Cha 50 kitashusha chuma cha juu milimita 18.

"Zimefika 54, mzee?" injinia anauliza kutoka kwenye ngazi.

"Hamsini na nne, injinia. Za juu tano-tano." Kimebaki kipande kimoja cha Y8, mita 3.60, kimeegemea ukuta.