Injini inapozimwa

Leo tumemaliza kuhariri sini ya stendi ya mabasi katika filamu yetu. Baba anampokea binti yake ambaye hajamwona kwa miaka mingi, na hakuna anayesema neno. Kwenye mswada ilikuwa nusu ukurasa, lakini imenifikirisha kuliko kurasa zote za mazungumzo.

Tangu mwanzo niliamini kwamba hisia ya sini hii haimo katika kukumbatiana. Imo katika zile hatua chache za kabla, pale wanapokuwa wameshatambuana lakini hakuna mwenye hakika kama atapokewa. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kuzilinda hatua hizo zisiishe mapema.

Tuliwapiga picha kila mmoja peke yake kwanza, kwa lenzi ndefu ya milimita 85. Lenzi hiyo huwasogeza watu wa nyuma karibu na anayetazamwa, na wanaokatiza mbele yake hugeuka vivuli vya rangi. Baba anaonekana amezingirwa na umati, naye haangalii yeyote kati yao. Tulimweka upande wa kushoto wa fremu akitazama kulia, na binti upande wa kulia akitazama kushoto. Kamera haikuvuka ule mstari unaowaunganisha macho. Ingevuka, wote wawili wangeonekana wanatazama upande mmoja, na mtazamaji angehangaika kujua nani anamtazama nani wakati anapaswa kuwa anasubiri pamoja nao.

Kisha ikaja shoti moja pana, kutoka ubavuni, kwa lenzi ya milimita 28. Hapo ndipo wanaonekana pamoja kwa mara ya kwanza, na sakafu tupu katikati yao. Lenzi pana huikuza nafasi, na mita chache zikawa safari. Mhariri alitaka kuikata mapema. Nilimwomba aiache mpaka baba aanze kutembea, kwa sababu ule umbali tukishauona, ni yeye peke yake mwenye haki ya kuupunguza.

Halafu mkono. Mwigizaji wetu alilia vizuri sana katika jaribio mojawapo, machozi ya kweli, na bado sikulitumia. Akilia yeye, mtazamaji anabaki kumwonea huruma kwa mbali. Katika jaribio tulilolichukua, baba hamgusi binti. Anainama kulipokea begi, kazi ambayo mzazi yeyote angeifanya. Mkono wake unatua juu ya mkono wa binti kwenye mpini, na binti hauachii. Wanabaki wamelishika begi wote wawili, nalo halijainuliwa. Kukumbatiana kunakuja baadaye, kutoka mgongoni, na kunapita haraka.

Kila kitu hapo kinategemea sauti. Tangu sini inapoanza, basi linanguruma palepale lilipoegesha, na ngurumo hiyo inafunika nyayo, nguo na pumzi. Mkono unapotua, dereva anazima injini. Sikio linafunguka ghafla. Tunasikia magurudumu ya sanduku la mtu mwingine, chuma kinachopoa kikigongagonga, kitambaa kikisuguana. Si ukimya kamili, kwani ukimya kamili kwenye filamu husikika kama hitilafu. Chini yake kuna sauti ya stendi yenyewe, iliyorekodiwa kwa dakika kadhaa waigizaji wakiwa wamesimama bila kusogea.

Basi halikunguruma wakati wa kupiga picha. Lingenguruma, mlio ungeruka kila tunapokata kutoka shoti moja kwenda nyingine. Tuliurekodi baadaye, wa nje na wa ndani, pamoja na ule mtikisiko wa mwisho injini inapokufa. Mtikisiko huo tuliuonyesha pia kwa picha, kioo cha dirisha kikitetemeka mara moja nyuma ya bega la binti, ili mtazamaji ajue kwamba ni basi lililonyamaza, wala si sisi tuliopunguza sauti.

Matangazo ya kipaza sauti yalinisumbua. Sikio likikamata hata neno moja, linaacha yanayoonekana na kulifuata neno hilo. Mchukua sauti aliyarekodi akiwa nyuma ya ukuta, mpaka kikabaki kiimbo kitupu cha sauti inayopanda na kushuka bila maana.

Kabla ya kufunga tumeijaribu kwenye simu, na hapo sini ikapoteza nguvu. Spika ndogo hazitoi mlio mzito wa chini, kwa hiyo injini ilikuwa haisikiki vya kutosha, na kuzimwa kwake hakukubadilisha kitu. Kesho tunaongeza mlio wa juu kidogo unaokwenda sambamba na injini: vioo vinavyotetema, bamba la chuma lililolegea. Vikinyamaza pamoja na injini, hata mwenye simu atausikia ule mkono ukitua.